"Mniandikie": neno nililoliacha kwenye muhtasari, likatugharimu milioni 9.6

Juzi binti mmoja, afisa mradi mpya, aliniandikia inboksi: "Dada, nisaidie fomati ya muhtasari wa kikao cha mfadhili, Ijumaa natakiwa niwe nimetuma." Nikacheka peke yangu, kisha nikanyamaza. Fomati ninazo nyingi. Hata ule muhtasari ulioniharibia mwaka ulikuwa na fomati nzuri: nembo mbili juu, mahudhurio, akidi, yatokanayo, kufunga kikao. Mkurugenzi wangu aliusifia mbele ya watu.

Mradi ulikuwa wa kuvuna maji ya mvua mashuleni, wa shilingi milioni 240. Sitawachosha na andiko lote. Vifungu viwili vinatosha. Miundombinu ilikuwa milioni 96, yaani matangi 12 kwa milioni 8 kila moja. Mafunzo ya kamati za maji yalikuwa milioni 48, yaani awamu 10 kwa milioni 4.8 kila moja. Tulipofika kujenga, saruji na nondo vilikuwa vimepanda, tangi moja likasoma milioni 8.8. Kwa matangi 12 tukawa tumepungukiwa milioni 9.6, na wote mezani tukaona jibu lile lile: tupunguze awamu 2 za mafunzo, fedha ziende kwenye matangi.

Kikao kilifanyika ofisini kwetu, afisa programu wa mfadhili akiwa kwenye zoom, mtandao unakatika kila baada ya dakika chache. Mhandisi akaeleza, mhasibu akaeleza. Afisa programu akajibu, nayakumbuka kama jana: "Mimi sioni tatizo, mniandikie." Tukashukuru, tukaenda chai. Nami jioni ile nikaandika hivi:

"Kikao kilijadili kupanda kwa bei za vifaa. Mfadhili aliridhia uhamisho wa fedha kutoka mafunzo kwenda miundombinu. Mradi uendelee na utekelezaji."

Isome tena. Hakuna kiasi, na huyo "mfadhili" aliyeridhia hajulikani ni nani. Mafunzo yamebaki mangapi, haisemi. Na "mniandikie" haipo kabisa. Niliona ni maneno ya kuagana tu.

Miezi minane baadaye akaja mkaguzi wa hesabu. Kijana mpole, anakunywa maji ya moto tu. Akafungua mkataba ukurasa ambao mimi sikuwahi kuufungua: uhamisho wowote unaozidi asilimia 10 ya kifungu chochote kinachoguswa lazima upate idhini ya maandishi ya mkuu wa programu, kabla fedha hazijatumika. Mhasibu wetu akajitetea kwamba milioni 9.6 ni asilimia 10 kamili ya miundombinu, hatujazidi. Ni kweli, kwa kifungu kinachopokea. Kijana akageuza kikokotoo upande wa kifungu kinachotoa: 9.6 kwa 48 ni asilimia 20. Hapo ndipo wengi wanapoteleza, wanapima upande mmoja. Hata masharti ya kawaida ya ruzuku za nje za Umoja wa Ulaya, ambako kizingiti ni asilimia 25, yanapima kila kichwa cha bajeti kinachoguswa, na yanataka mabadiliko yasiathiri matokeo yaliyotarajiwa. Kwa hiyo usikariri asilimia ya mfadhili wa zamani. Fungua mkataba ulionao.

Nikamtolea muhtasari wangu kwa kujiamini. Akausoma, akauliza, "Huyu aliyeridhia ana mamlaka ya kuidhinisha?" Hakuwa nayo. Afisa programu anafuatilia utekelezaji, anashauri, lakini sahihi ya kubadili bajeti ni ya bosi wake. Alijua mipaka yake, ndiyo maana alisema tumwandikie. Tulipompigia akasema, kwa haki kabisa, kwamba yeye alisubiri barua na haikuja.

Hoja ya ukaguzi ikaandikwa: milioni 9.6, gharama isiyokubalika, irejeshwe. Ikatoka kwenye akiba ya shirika. Na kwa kuwa ripoti ya mwaka ilionyesha mafunzo 8 badala ya 10, tukaulizwa na hilo pia, kana kwamba tumezembea. Kwenye kikao cha menejimenti nilitajwa kwa jina. Waliokuwa nami mezani siku ya "sioni tatizo" waliangalia simu zao. Imepita miaka, lakini bado naliona lile tukio.

Usiku huo nilifungua daftari langu la kikao. Neno lilikuwepo, kwa mwandiko wangu: "asema tuandike." Nililiandika daftarini nikaliacha wakati wa kuchapa. Nililia, sitadanganya.

Sasa nikwambie ninavyoandika siku hizi. Ajenda ile ile ningeiandika hivi:

"Mradi unapendekeza kuhamisha Sh 9,600,000 kutoka Mafunzo (48,000,000 kuwa 38,400,000; pungufu asilimia 20) kwenda Miundombinu (96,000,000 kuwa 105,600,000; ongezeko asilimia 10). Matangi yabaki 12. Awamu za mafunzo zishuke kutoka 10 hadi 8. Afisa programu hakuwa na pingamizi, aliomba barua. Hali: imependekezwa, haijaidhinishwa. Meneja mradi atume barua kwa mkuu wa programu ndani ya siku tatu. Fedha zisitumike hadi jibu lipatikane."

Ona fedha na matokeo vimekaa aya moja. Ukihamisha shilingi bila kusema kitu gani kinapungua, mfadhili atakigundua kwenye ripoti ya mwaka, na hapo utaonekana ulificha. Halafu kuna maneno matatu ambayo siyachanganyi tena: imejadiliwa, imependekezwa, imeidhinishwa. La tatu siliandiki mpaka nina barua mkononi, na naandika kumbukumbu namba yake, tarehe, na cheo cha aliyesaini. Barua ikifika, siurudii muhtasari wa zamani kuurekebisha. Huo umeshasambazwa, kuugusa ni kughushi. Naiingiza kwenye yatokanayo ya kikao kinachofuata: idhini imepatikana kwa barua fulani ya tarehe fulani, matumizi yaanze tarehe hiyo. Mkaguzi atalinganisha tarehe hiyo na tarehe ya ankara ya kwanza ya saruji. Ankara ikitangulia, umekwisha.

Na rasimu itume ndani ya siku mbili tatu, wakati kila mtu bado anakumbuka alichosema. Muhtasari wetu ule ulisainiwa baada ya miezi mitatu, afisa programu aliupokea ukiwa kiambatisho cha sita kwenye ripoti ya robo mwaka. Nani anafungua kiambatisho cha sita?

Jamani, tuache uvivu wa "mfadhili aliridhia." Taja mtu na cheo chake. Nasema kwa ukali kwa sababu nimelipia.

Nilimtumia yule binti aya ile badala ya fomati. Akajibu saa nne usiku: "Dada, mwezi uliopita wetu alisema 'sawa' kwenye simu, na fundi ameshaleta oda ya mabati." Nikamuuliza, imelipiwa? Akasema bado. Nikamwambia asimame hapo hapo, asubuhi aende na mkataba mezani kwa mhasibu wapige asilimia pande zote mbili, barua itoke kabla ya saa sita.