Usimtulize mgonjwa anayepumua kwa kina: kwa wastajieri wapya wa ijansi

Wadogo zangu mlioanza gardi hapa Goma,

Nimepitia madaftari ya usiku, na nimekutana tena na mstari ninaoufahamu kuliko ninavyopenda: «Mgonjwa ana wasiwasi, anapumua sana, amepewa diazepamu.» Kila mwaka unaandikwa na mkono mpya, na kila mwaka ninamtafuta mgonjwa wake kwa moyo unaodunda. Ninyi nyote mlifaulu biokemia, na mlinganyo wa Henderson na Hasselbalch mnaweza kuukariri mkiwa usingizini. Ninachowaomba ni kuuona mlinganyo huo kwenye kifua cha mtu aliyelala mbele yenu, kwa sababu huko ndiko unakofanya kazi.

1. Tazameni ni nani anayeshika kila upande wa mlinganyo.

Kaboni dioksidi inayotoka kwenye seli huyeyuka katika damu. Sehemu kubwa yake huungana na maji na kuwa asidi ya kaboniki, na asidi hiyo huachana mara moja kuwa ioni ya hidrojeni na bikabonati. Ndani ya chembe nyekundu kimeng'enya cha anhidrasi ya kaboniki huharakisha hatua ya kwanza, na safari nzima huweza kwenda mbele au kurudi nyuma kulingana na kilichozidi:

```
CO2 + H2O ⇌ H2CO3 ⇌ H+ + HCO3-
pH = 6.1 + log( HCO3- / (0.03 × pCO2) )
```

Asidi ya kaboniki yenyewe ni chache mno ikilinganishwa na kaboni dioksidi iliyoyeyuka, ndiyo maana katika hesabu hatuitafuti. Tunapima shinikizo la gesi, yaani pCO2, na kulizidisha kwa 0.03. Kwa mtu mzima mwenye afya, bikabonati ni 24 na pCO2 ni 40, hivyo tunagawanya 24 kwa 1.2, tunapata 20, na pH inakuwa 7.40. (Hapa kwetu, kwenye mita 1500 hivi juu ya bahari, watu hupumua zaidi kidogo na pCO2 yao huwa chini kidogo ya 40, kwa hiyo 40 isiwafariji kupita kiasi.) Namba ya juu husimamiwa na figo, ambazo huhitaji siku kadhaa. Namba ya chini husimamiwa na mapafu, na hayo huibadilisha kwa dakika.

2. Bafa hii ya bikabonati ina nguvu kwa sababu chombo chake kiko wazi.

Mwalimu wenu wa kemia aliwaambia kwamba bafa hufanya kazi vizuri karibu na pK yake, na hapo akasema kweli. pK ya bafa hii ni 6.1, ilhali damu iko 7.4. Kwa kanuni hiyo pekee, bikabonati ingekuwa bafa dhaifu. Basi kwa nini mwili unaitegemea hivyo?

Chukueni damu yenye bikabonati 24, mwage ndani yake asidi za ketoni kiasi cha milimoli 16 kwa kila lita, na kwa ajili ya hesabu tuziache kando bafa nyingine kama hemoglobini na protini. Bikabonati 16 zinatumika, zinabaki 8, na kila moja iliyotumika inazaa kaboni dioksidi moja. Ikiwa gesi hiyo imefungiwa, kama ilivyo katika chupa ya Fanta isiyofunguliwa, CO2 iliyoyeyuka inapanda kutoka 1.2 hadi 17.2, na pH inaanguka hadi 5.77. Hakuna anayeishi hapo.

Sasa fungueni kifuniko. Mapafu yanatoa gesi yote iliyozidi na kuirudisha pCO2 kwenye 40: tunagawanya 8 kwa 1.2, na pH ni 6.92. Hali bado ni mbaya mno, lakini tayari tumepanda kwa zaidi ya pointi nzima bila kuongeza hata tone la bikabonati. Kisha mapafu yanafanya zaidi ya hapo. Vipokezi vya mishipa ya shingo vinahisi asidi, ubongo unaamuru kupumua kwa kina na haraka, na pCO2 inashuka hadi 20. Tunagawanya 8 kwa 0.6, na pH inafika 7.22. Kwa pH hiyo moyo unapiga, mgonjwa anaongea, na ninyi mnapata muda wa kutundika seromu.

Tofauti kati ya 6.92 na 7.22 ni kupumua peke yake. Hebu isomeni tena sentensi hiyo kabla ya kwenda kwenye namba ya tatu.

3. Kile mnachokiita wasiwasi ndicho kinachomshikilia.

Adolf Kussmaul alieleza upumuaji huu mwaka 1874 kwa wagonjwa wa kisukari waliokuwa wakielekea kwenye koma: pumzi kubwa, za mpangilio, zisizokoma, kama za mtu aliyetoka kukimbia. Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali moja ya mji huu, kijana wa miaka kama ishirini aliletwa na mama yake akipumua hivyo hasa. Alikuwa amekunywa maji kwa siku kadhaa bila kushiba na alikuwa amekonda. Mapafu yake yalikuwa safi kwenye stetoskopu, saturometa ilionyesha 96. Stajieri alipima glisemia, glukometa ikaandika «HI», na bandeleti ya mkojo ikaonyesha ketoni nyingi. Utambuzi wa ketoasidosi ya kisukari ulikuwa sahihi, seromu ya chumvi ilitundikwa, damu ilipelekwa maabara. Hadi hapo sina lawama hata moja.

Lakini kijana alikuwa akihangaika, mama alikuwa akilia, na wodi ilikuwa imejaa. Stajieri akampa diazepamu kwenye mshipa pamoja na oksijeni. Nilipopita, aliniambia kwa furaha ya kweli: «Shefu, sasa ametulia. Alikuwa anapumua 28, sasa anapumua 20.» Kwenye karatasi ya uangalizi, 28 ilikuwa imezungushiwa wino mwekundu na 20 imeandikwa kwa bluu, kama habari njema.

Naomba tuihesabu habari hiyo njema. Katika kila pumzi, kama mililita 150 hubaki kwenye koo na mirija bila kukutana na damu. Tuseme kabla ya dawa kijana alikuwa akivuta mililita 650: ondoeni 150, zidisheni kwa 28, mnapata lita 14 za hewa yenye faida kwa dakika. Baada ya dawa anavuta 500 kwa mwendo wa 20: ondoeni 150, zidisheni, mnapata lita 7. Idadi ya pumzi imepungua kwa chini ya theluthi, lakini hewa inayosafisha damu imepungua kwa nusu. Hewa hiyo ikipungua kwa nusu huku mwili ukizalisha gesi ile ile, pCO2 huongezeka maradufu. Ishirini inakuwa arobaini.

Maabara ilituletea bikabonati ya sampuli ile ya mwanzo: 8. Gazometri hatukuwa nayo, lakini kanuni ya Winters inatosha kukadiria pCO2: 1.5 mara bikabonati, jumlisha 8, na kupotoka kwa 2 juu au chini. Jibu ni 20, pCO2 ya mtu ambaye mapafu yake yanafanya kila yanachopaswa kufanya. Kwa hiyo kijana aliingia na pH ya karibu 7.22, na kama pCO2 yake ilipanda hadi 40 tuliyoihesabu, alikuwa kwenye 6.92: ioni za hidrojeni zimeongezeka maradufu, na hakuna asidi mpya iliyoingia. Namba 40 ambayo kwa mtu mzima ni ya kawaida, kwake ilikuwa kushindwa kwa upumuaji.

Na saturometa? Ilisema 98. Oksijeni tuliyompa iliificha hatari yote, kwa kuwa chombo hicho hakioni kaboni dioksidi kabisa. Tulichokiona sisi ni mapigo yaliyokuwa yakififia kwenye kifundo cha mkono, shinikizo la damu lililoshuka, na jicho ambalo halikumtambua tena mama. Tulichukua ambu, tukampulizia pumzi kubwa karibu 30 kwa dakika, tukipokezana mimi, stajieri na muuguzi, huku seromu ikikimbia na insulini ikiendelea. Dawa ilipopungua nguvu, pumzi zake mwenyewe zilirudi, kubwa na za haraka, na tukazipokea kwa shukrani. Kijana alipona. Stajieri yule leo ni daktari ninayemwamini, na ni yeye aliyeniruhusu kusimulia.

4. Mambo mafupi.

Hesabuni pumzi kwa dakika nzima, na andikeni pia kina chake.

Mgonjwa wa asidi ambaye mwendo wa pumzi unapungua kabla bikabonati haijapanda anachoka. Mwiteni mkubwa wenu hapo hapo.

Mkilazimika kumwekea mirija na mashine, msiiache kwenye pumzi 14 kwa dakika. Ianze karibu na kile alichokuwa akikifanya mwenyewe.

Mtoto mwenye malaria kali anayepumua kwa kina na mapafu safi msimwandikie nimonia kabla ya kufikiria asidi.

Mgonjwa wa kipindupindu amepoteza bikabonati kwenye kinyesi, na laktati iliyo ndani ya Ringa hugeuzwa na ini kuwa bikabonati, ndiyo maana tunaipendelea.

Ampuli ya bikabonati inahitaji maelezo zaidi kidogo, kwa kuwa mnaikimbilia mno. Bikabonati mnayoidunga inakutana na asidi na kuwa kaboni dioksidi, na gesi hiyo lazima itoke kwa njia ile ile ya mapafu. Kwa kifua kinachopumua vizuri itatoka. Kwa kifua kilicholegea itabaki, itapenya haraka ndani ya seli, na asidi humo itaongezeka. Isitoshe, ampuli hiyo inashusha potasiamu, ambayo insulini nayo inaishusha. Ndiyo sababu kwa ketoasidosi tunaiweka akiba kwa hali mbaya kabisa tu.

Nanyi wa Goma mnaijua hali nyingine ya kifuniko kufungwa: mtu aliyeokotwa kwenye mazuku, katika mabonde kuelekea Sake. Huyo bikabonati yake haikuwa na tatizo. Alivuta hewa yenye kaboni dioksidi nyingi, gesi ikakosa pa kutokea, na kupumua kwa nguvu hakukumsaidia kwa kuwa kila pumzi iliingiza nyingine. Tiba ni kumtoa pale na kumpa oksijeni na pumzi safi, si ampuli.

5. Asubuhi msishangae.

Mtakuta glisemia imeshuka, bikabonati imepanda hadi 15 au 16, na mgonjwa bado anapumua kwa kina. Bikabonati huvuka polepole kuingia kwenye maji yanayozunguka ubongo, kwa hiyo vipokezi vya ubongo hubaki vikihisi asidi kwa saa kadhaa baada ya damu kupata nafuu. Pimeni tena potasiamu, endeleeni na insulini hadi ketoni ziishe, mwacheni apumue, na diazepamu ibaki kabatini.