Maelezo ya huduma ya kupiga dawa ya kunguni, bila kutia chumvi

"Wazito, nimepewa kazi ya kuandika upya ukurasa wa huduma kwa websaiti ya kampuni yetu ya fumigesheni hapa Nairobi. Bosi anataka ivutie wateja lakini kila nikiandika inatoka tu 'sisi ndio bora'. Nyinyi mnafanyaje?"

Mimi nilikaa kwa simu na WhatsApp ya kampuni ya kupiga dawa karibu miaka mitatu, na hii kazi niliangushiwa baada ya kuchomeka, kwa hivyo wacha nikuambie vile ilienda. Ukurasa wetu ulikuwa unasema hivi: "Sisi ni nambari moja Nairobi. Tunamaliza kunguni asilimia 100 kwa dawa salama kabisa na bei isiyo na mpinzani." Basi.

Mama mmoja wa Pipeline akatuita, fundi akapiga dawa vizuri, siku ya tisa mama akaona vitoto vya kunguni kwa mshono wa godoro. Akanitumia skrinshoti ya ukurasa wetu, hiyo asilimia 100 ameizungushia nyekundu, anataka pesa zake. Na fundi hakuwa amekosea! Dawa nyingi za kupuliza zinaua kunguni anayetembea lakini mayai yanabaki, na mayai yanaanguliwa kwa kama siku sita hadi kumi, baridi ikizidi yanachelewa zaidi, ndio maana fundi hurudi baada ya wiki mbili, kabla hao wadogo hawajakomaa wakataga. Kilichoniuma ni kwamba kurudi mara ya pili kulikuwa ndani ya ile bei aliyolipa na hatukuwa tumeandika popote. Kile kitu kizuri kabisa tulikuwa nacho tulikificha tukaweka "nambari moja".

Kwa hivyo kabla ya kuandika nilisoma meseji za wateja za miezi mitatu nyuma. Hakuna mtu hata mmoja aliuliza kama sisi ni bora. Wanauliza ni pesa ngapi bedsita, nitoke kwa nyumba masaa mangapi, niko na mtoto mdogo itakuwaje, nguo nizipeleke wapi. Halafu nikakaa na fundi akiwa anakula lanchi nikamuuliza afanye kama ananielezea kazi yake tangu abishe mlango, nikaandika vile anasema.

Ikatoka hivi:

"Tunapiga dawa ya kunguni mara mbili kwa bei moja. Mara ya kwanza inaua kunguni walio hai, ya pili, baada ya siku 14, inawapata walioanguliwa kutoka kwa mayai, kwa hivyo usishtuke ukiona wachache hapo katikati. Siku ya kazi fua nguo na shuka kwa maji moto, sogeza kitanda kitoke ukutani, na mtoke nyumbani kwa masaa ambayo fundi atakuambia kulingana na lebo ya dawa. Kama jirani mnayepakana naye ana kunguni na hajapiga dawa, wanaweza kurudi, na hilo hatuwezi kulizuia."

Bosi alisoma hiyo laini ya mwisho akasema tunafukuza wateja. Tukabishana sana. Nikamwambia mtu wa ploti anajua kunguni hupita kwa nyufa na kwa soketi, ukimficha atajua tu, afadhali asome kwetu. Akakubali shingo upande. Kilichotokea ni watu wakaanza kupiga simu wakisema tuko watatu kwa hii flo, mtatufanyia aje, na hapo ndio tukaongeza bei ya majirani wakija pamoja.

"Salama kabisa" tuliitoa mbio. Hiyo ni sumu ya wadudu, usalama wake uko kwa vile inatumiwa. Tukaandika badala yake kwamba dawa zetu zimesajiliwa na PCPB, ile bodi ya serikali ya dawa za wadudu, na mteja anaweza kuuliza jina la dawa akaangalia mwenyewe. Usiandike hivyo kama hujaona lebo kwa macho yako lakini. Na ujue Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza kumdanganya mteja kuhusu huduma, kwa hivyo hiyo asilimia 100 si swala la lugha tu.

"Bei nafuu" nayo weka namba, hata kama ni ya kuanzia. Wa kubageni watabageni tu, hao hawaishi.

Kitu nilikuwa nafanya kwa kila sentensi: nabandika jina la kampuni ya upande ule mwingine wa barabara, kama bado inasomeka sawa naifuta. "Wataalamu wenye uzoefu" ikaenda hivyo, "huduma ya kuaminika" pia. Ikabaki nusu ukurasa na bosi akaniuliza kwani zingine ziko wapi.

Weka hapa hiyo paragrafu yenu ya saa hii tuiangalie, lakini toa namba ya simu kwanza.