Tarehe 26 inatoka mara mbili kwenye ripoti, 28 haipo

Swali: Shikamoo kaka, mi niko hapa Nyakato kiwandani, natoa ripoti ya kilo za minofu ya sangara kwa siku, mteja yuko Amsterdam anataka siku zihesabiwe kwa saa za kwao. Natumia generate_series kwenye PostgreSQL na interval '1 day' toka 25 hadi 28 Oktoba 2025. Tarehe 26 inakuja mara mbili, 28 haionekani kabisa. Nimeweka DISTINCT ikaondoa moja ila 28 bado haipo. Shida nini?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Kwanza toa hiyo DISTINCT, inakuficha ugonjwa tu.

Sisi huku saa hazibadiliki mwaka mzima ndo maana jambo hili linatupiga chenga. Wenzetu usiku wa kuamkia tarehe 26 walirudisha saa nyuma, kwetu ilikuwa saa kumi alfajiri. Kabla ya hapo saa sita usiku ya Amsterdam ilikuwa saa saba usiku ya Mwanza, baada ya hapo ikawa saa nane. Yaani tarehe 26 kule ilikuwa na masaa 25.

Sasa, ukiipa generate_series muda wa aina ya timestamptz, ile '1 day' inahesabiwa kwa taimuzoni ya sesheni yako, sio ya mteja. Andika SHOW timezone utaona, naamini itakuambia Africa/Dar_es_Salaam au UTC, na zote mbili siku ni masaa 24 daima. Kwa hiyo imeanza saa saba usiku ya 25 ikaendelea na saa saba usiku kila siku. Ya 27 hapa kwetu, Amsterdam bado ni saa tano usiku ya tarehe 26, basi hiyo ndo 26 yako ya pili, ya 28 nayo ikasomeka 27, halafu mwisho uliouweka ukafika na safari ikaishia hapo. Mbaya zaidi ni kwamba ile 26 ya pili imebeba karibu mzigo wote wa tarehe 27, so hata kilo zako ziko kwenye mstari usio wake.

Dawa ni kuzalisha siku kwanza kama kalenda tupu, bila taimuzoni yoyote, ndo baadaye kila siku uitafutie mwanzo na mwisho wake kwa saa za Amsterdam:

```sql
SELECT d::date AS siku,
  d AT TIME ZONE 'Europe/Amsterdam' AS mwanzo,
  (d + interval '1 day')
    AT TIME ZONE 'Europe/Amsterdam' AS mwisho
FROM generate_series(timestamp '2025-10-25',
  timestamp '2025-10-28', interval '1 day') AS d;
```

Angalia hiyo + interval '1 day' iko ndani ya mabano, inajumlishwa kabla ya kugeuza. Ukijumlisha nje umerudi kulekule. Na usiandike date badala ya timestamp pale kwenye generate_series, hapa wengi tumeungua mimi nikiwemo, maana PostgreSQL ikipewa date inaigeuza kimyakimya kuwa timestamptz, halafu AT TIME ZONE inafanya kazi kinyume, inakupa saa za ukutani badala ya nukta halisi ya wakati, na haikupi erori yoyote.

Kujua kama imekaa sawa toa mwisho - mwanzo. Siku za kawaida utaona 1 day, tarehe 26 utaona 1 day 01:00:00. Jaribu na 30 Machi 2025 walipopeleka saa mbele, itasoma 23:00:00. Kama zote zinasoma 1 day ujue bado unahesabu kwa saa za Mwanza.

Kuunga na mzani, weka hiyo query ya juu ndani ya WITH siku AS (...), halafu tumia LEFT JOIN ili siku ambayo hamkupakia kitu isipotee, na jumla ya kilo uizungushie COALESCE(..., 0) maana bila hivyo inakuja NULL badala ya sifuri:

```sql
LEFT JOIN mizani m
  ON m.muda >= siku.mwanzo AND m.muda < siku.mwisho
```

BETWEEN achana nayo, inahesabu ncha zote mbili, kreti iliyopimwa saa sita kamili itaingia siku mbili. Na m.muda lazima iwe timestamptz, kama mliihifadhi bila taimuzoni rekebisheni hilo kwanza.

Mkiwa na PostgreSQL 16 kwenda juu kuna njia fupi, generate_series inakubali jina la taimuzoni kama kitu cha nne, ukiweka 'Europe/Amsterdam' pale inaruka siku za kule bila kujali sesheni. Mi bado napenda ile ya kwanza kwa sababu seva nyingi nazokutana nazo hapa mjini ni za zamani.

Ila kama siku moja mteja atataka siku ianze saa nane na nusu usiku badala ya saa sita, mkatalie, muda huo Oktoba kule unapita mara mbili na PostgreSQL inachagua ule wa pili yenyewe bila kukuuliza, Machi haupo kabisa inakusogeza saa moja mbele.