Ujumbe wa kuombea nyumba: andika mshahara unaoingia benki

Nasimamia nyumba za kupangisha za shangazi yangu Kijitonyama, na maombi yote yanapitia kwenye simu yangu. Zamani tulikuwa tunadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Sasa tunapokea miezi mitatu, lakini anayeomba atume hati za mshahara za miezi mitatu iliyopita, nakala ya kitambulisho cha NIDA na barua ya mwajiri. Karatasi hizo ndizo zinazoshika nafasi ya ile miezi mitatu tuliyoisamehe, kwa hiyo nazisoma kwa makini.

Wengi hutuma picha nane za WhatsApp mfululizo, halafu chini wanaandika "Habari, nimetuma". Kila picha inabidi niifungue nijue ni nini. Wengine huandika maelezo mazuri, lakini wanataja mshahara usiofanana na ule ninaouona kwenye hati. Hapo ndipo maombi mengi yanapokwama, na mara nyingi mwombaji hakuwa na nia ya kudanganya. Ametaja mshahara wa kwenye mkataba, wakati mimi naangalia kinachobaki.

Chukua mfanyakazi wa kampuni binafsi mwenye mshahara wa msingi wa Sh 1,500,000, asiye na posho. NSSF inakata asilimia 10, yaani Sh 150,000. PAYE inahesabiwa kwenye Sh 1,350,000 zilizobaki: Sh 128,000 kwa milioni ya kwanza, na asilimia 30 ya Sh 350,000 zinazozidi, jumla Sh 233,000. Kama alisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, Sh 225,000. Kinachoingia benki ni Sh 892,000. Kwa kodi ya Sh 300,000 kwa mwezi, huyu anatumia karibu theluthi ya pesa yake, na mimi namkubali bila wasiwasi. Lakini akiniandikia "mshahara wangu ni milioni moja na nusu", nikifungua hati nikakuta laki nane na tisini na mbili, naanza kujiuliza nini kingine kimeongezwa.

Ujumbe ambao ningefurahi kuupokea ni huu:

"Habari za asubuhi. Naomba kupanga nyumba ya chumba, sebule na jiko, ghorofa ya pili, kodi Sh 300,000, kuanzia Julai 1. Tutaishi wawili, mimi na mdogo wangu anayesoma chuo. Mimi ni mhasibu msaidizi, nina mkataba wa kudumu tangu 2021. Baada ya makato napokea Sh 892,000. Nimeambatisha mafaili matano: hati za mshahara za Machi, Aprili na Mei, nakala ya kitambulisho cha NIDA, mbele na nyuma, na barua ya mwajiri ya Juni 3, yenye simu ya ofisi ya utumishi. Kazini natumia jina la mume wangu, kitambulisho kina jina la baba. Cheti cha ndoa nitakuja nacho. Niko tayari kulipa miezi mitatu siku ya kusaini mkataba."

Sentensi ile ya majina usiiache kama inakuhusu. Majina yakitofautiana na hukusema, nitasita. Ukiwahi kueleza, jambo limekwisha. Mafaili nayo yatume kama PDF, kila moja na jina lake, mfano `Mshahara_Aprili.pdf`, kwa mpangilio uleule ulioutaja kwenye ujumbe.

Barua ya mwajiri iombe mapema, maana afisa utumishi anaweza kuwa safarini. Iwe na nembo ya ofisi, tarehe, cheo chako, tarehe uliyoanza kazi, aina ya mkataba, sahihi na muhuri. Kama mkataba wako una kikomo, barua itaje unaisha lini, nawe ukiandike hicho kikomo kwenye ujumbe. Mkataba unaoisha Desemba haukunyimi nyumba kwangu. Tunaandikiana upangaji wa miezi sita, kisha tunaongeza. Na nitapiga simu ofisini kwenu. Namba ya mezani au ya ofisi inanitosha kuliko namba ya mkononi ya mtu nisiyejua kama kweli ni bosi wako.

Kuhusu kitambulisho, nakuomba ujilinde hata dhidi ya watu kama mimi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka taarifa zako zitumike kwa lengo ulilozitolea, lakini nakala ikishaingia kwenye simu ya dalali huwezi kuifuatilia. Kabla ya kutuma, andika juu ya nakala, kwa mshazari: "Kwa maombi ya kupanga nyumba tu", pamoja na mtaa na tarehe. Maandishi yapite kati ya kadi, siyo pembeni ambako ni rahisi kukatwa, ila yasifunike picha wala jina. Na usitume chochote kabla hujaiona nyumba kwa macho yako na kujua anayepokea ni nani.