Umelipwa kusifia mafuta ya nywele? Kapsheni yako ianze hivi

Msomaji mmoja ameuliza: "Dada, nimepata dili la mafuta ya nywele. Nikiandika mwanzoni kwamba nimelipwa, si watu watapita tu?" Wengine watapita, ndiyo. Lakini anayekuja kugundua mwenyewe kwamba ulilipwa ukanyamaza hapiti. Anaandika kwenye komenti, wenzake wanamuunga mkono, na jioni posti nzima imegeuka kesi. Kwa hiyo hebu tuishughulikie kapsheni yenyewe.

Instagram inaruhusu herufi 2,200, lakini mtu anayeteremsha kidole huona takriban 125 tu kabla ya maneno mengine kufichwa. Tamko la malipo lazima liingie humo. "Tangazo: nimelipwa na kampuni ya mafuta haya" lina herufi zisizofika 50, kwa hiyo nafasi ya kumvuta msomaji bado ipo tele. Wanaoharibu ni wale wanaoanza na salamu ndefu, kisha #sp au #collab inatupwa chini kabisa kati ya hashtegi kumi na tano. Shangazi yako hajui kwamba #sp ni kifupi cha sponsored, yaani posti ya kulipiwa. "Asanteni sana kwa zawadi hii" nayo haisemi kitu, maana zawadi na malipo ni mambo mawili. Kama ulipewa chupa tu bila pesa, sema ulipewa chupa. Kama unapata asilimia kwa kila anayenunua kwa msimbo wako wa punguzo, hilo nalo lina sentensi yake.

Washa pia lebo ya `Paid partnership`, ila usiitegemee peke yake. Mtu akipiga skrinshoti ya maneno yako na kuyatuma kwenye grupu la WhatsApp, lebo inaweza kubaki nyuma. Kwenye video, sema kwa mdomo mwanzoni, kwa sababu wengi hawafungui kapsheni kabisa.

Sasa maneno ya mafuta yenyewe, na hapa ndipo kapsheni nyingi zinaanguka. Nywele za kichwani hukua kama sentimita moja kwa mwezi. Ukitumia mafuta kwa wiki nne, kilichoongezeka ni hiyo sentimita, na kwenye nywele za kipilipili zinazojikunja huwezi hata kuiona bila kuzivuta. Ile picha ya "kabla" nywele zimesinyaa baada ya kuoshwa, na "baada" zimenyooshwa kwa drayer, inapima drayer. Ukitaka picha mbili, piga zote nywele zikiwa kavu, hazijavutwa, mbele ya dirisha lilelile, saa ileile.

Kwa wiki nne kinachopimika ni urahisi wa kuchana, kukatika, mng'ao, harufu na muwasho. Gawanya kichwa katikati. Upande wa kushoto tumia mafuta ya dili, wa kulia endelea na yale ya siku zote, na usibadilishe shampuu wala mtindo. Siku ya kufumua, chana kila upande juu ya kitambaa cheupe na uangalie kilichodondoka. Unywele wenye kidoto cheupe mwishoni umetoka na mzizi wake kwa zamu yake. Huo ni wa kawaida. Vipande vifupi visivyo na kidoto vimekatika, na hivyo ndivyo vya kuhesabu. Kabla ya yote, paka tone moja nyuma ya sikio na usubiri siku mbili. Usianze kuandika sifa huku paji la uso likiwaka.

Soma na nyuma ya chupa. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi. Chupa ikijiita "mafuta ya nyonyo" lakini orodha inaanza na Paraffinum Liquidum, huku Ricinus Communis, yaani nyonyo yenyewe, ikija karibu na manukato, basi msingi wake ni mafuta ya madini. Hayo si sumu, yanazuia maji yasitoke kwenye unywele vizuri tu, ila usimwambie mtu ananunua nyonyo. Nazi, kwa upande wake, hupenya ndani ya unywele. Nyonyo ni nzito na hukaa juu, ndiyo maana ikizidi nywele hushikana. Na hakuna mafuta yanayoongeza maji, yanayafungia yaliyopo. Ukisahau kumwambia msomaji alowanishe nywele kwanza, atarudi kulalamika kwamba zimekauka zikiwa na mafuta juu.

Tuseme basi chupa ni ya mililita 100, bei shilingi 18,000, nazi ndiyo ya kwanza kwenye orodha na nyonyo ya pili. Umetumia kijiko kimoja cha chai, mililita 5, mara mbili kwa wiki. Hiyo ni mililita 10 kwa wiki, kwa hiyo chupa inakwenda wiki kumi kwa upande huo mmoja, shilingi 1,800 kwa wiki. Kapsheni ingeweza kusomeka hivi:

"TANGAZO. Nimelipwa na kampuni ya mafuta haya, na chupa walinipa bure. Maoni ni yangu. Nimeyatumia wiki nne, upande wa kushoto tu, nywele zangu asilia za kipilipili. Nilinyunyiza maji, nikapaka kijiko kimoja cha chai mara mbili kwa wiki. Kilichobadilika: kitana kinapita kwa urahisi zaidi na vipande vilivyokatika vilikuwa vichache kuliko kulia. Kisichotofautiana na kulia: urefu. Sikuona nywele mpya pembeni. Nisichokipenda: harufu ni kali na foronya imepata madoa, kwa hiyo funga kilemba usiku. Kama una mba au kichwa kinawasha, usipake kwenye ngozi. Chupa ni 18,000, kwangu ingekwenda wiki kumi kwa upande mmoja, yaani kama tano kwa kichwa kizima. Una nywele nyembamba? Anza na nusu kijiko."

Angalia sentensi ya mba. Fangasi wanaohusika na mba hula mafuta, kwa hiyo anayepaka kichwani kila siku ili "kulainisha magamba" anaweza kuwa anawalisha. Na wale ambao nywele za mbele zimekimbia kwa sababu ya rasta zilizobanwa sana wanahitaji kulegeza msuko kwanza, na kumwona daktari wa ngozi kama ngozi imeanza kuwa laini inayong'aa. Kuwauzia chupa kwa ahadi ya "kuotesha kingo" ni dhambi ndogo yenye faida ndogo, na bado watu wanaifanya kila wiki. Ukiandika "yanatibu upara" umetoka kwenye vipodozi na kuingia kwenye madai ya dawa, ambako mafuta ya kupaka hayana ushahidi wa kutosha wa kukusaidia.

Kampuni itataka kuisoma kapsheni kabla haijatoka. Sawa, ila andikeni mapema kwenye makubaliano kwamba wanaweza kusahihisha bei, jina na viambato, na kwamba sehemu ya "nisichokipenda" haiguswi. Andikeni pia kwamba malipo hayategemei sifa, na kwamba neno TANGAZO litabaki hata wakiiposti upya kwenye ukurasa wao. Wakikurudishia kapsheni imeongezwa "nywele zimeota ndani ya siku saba", wajibu kwa mstari mmoja: nilitumia wiki nne, zilikua kama sentimita moja pande zote mbili, siwezi kuandika hivyo. Na dai malipo ya awali kabla ya kuanza zile wiki nne, maana kampuni ikighairi kwa sababu ya madoa ya foronya, mwezi wako umeshakwenda.