Usishushe bei kabla hujagawa faida kwa faida

"Wakuu, nanunua chaja kwa 60, nauza 80, kwa mwezi zinatoka 150. Biashara imepoa, nataka kushusha asilimia 10, iwe 72. Nimepiga hesabu naona nikiuza 167 kipato kinabaki palepale. Niko sawa? Na je, nishushe kwa bidhaa zote au hizi tu, na tangazo la punguzo niliweke kwa muda gani?"

Mkuu, usibandike hiyo bei bado. Siyo 167, ni 250. Chaja 100 zaidi ya unazouza sasa, siyo 17.

Hiyo 167 naijua vizuri kwa sababu na mimi niliipiga, ikanilia mtaji. Umechukua mauzo yako, 150 mara 80, ukapata 12,000, ukagawa kwa 72. Hapo umejua idadi ya kukuletea 12,000 ileile droani, sawa. Lakini hizo 17 za ziada nani kakupa bure? Kila moja umeinunua 60. Kwenye 80 yako, 60 ni ya mwenye mzigo, yako ni 20 tu. Unaposhusha 8, mwenye mzigo hashushi hata senti, 8 yote inatoka kwenye ile 20. Unabaki na 12. Zamani chaja 150 zilikupa 3,000. Sasa gawa 3,000 kwa 12, ndiyo hiyo 250. Asilimia 10 ya bei ni asilimia 40 ya faida yako, na watu wengi (mimi nikiwa kiongozi wa msafara) tunaangalia ile 10 tu.

Ngoja nikusimulie yangu. Nilikuwa nauza mikoba. Nanunua 70, nauza 100, zinatoka 200 kwa mwezi. Nikaingia darasa la mtandaoni la jamaa mmoja mwenye maneno matamu, kwa kulipia, usinicheke. Akasema: "Shusha asilimia 10, ukiongeza wateja asilimia 11 tu umerudisha hela yako, kinachozidi hapo ni faida." Akachora na grafu. Nikaona huyu ndiye mkombozi.

Nikashusha hadi 90. Kwa hesabu ya mwalimu nilihitaji mikoba 223. Nikauza 260! Jioni nilikuwa nahesabu noti naziviringisha na rababendi, mauzo yametoka 20,000 yamefika 23,400, nikamtumia mwalimu ujumbe wa shukrani. Ndiyo, nilimshukuru. Huo ujumbe nikiukumbuka hadi leo masikio yananiwaka moto.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa hili: hata faida yangu kwa mkoba mmoja nilikuwa siijui. Nilijua ni 30, yaani 100 toa 70. Kumbe kila mkoba ulikuwa unaondoka na mfuko wa kubebea, na mwingine namlipia bodaboda ampelekee mteja. Ukikusanya na kugawanya ni kama 6 kwa kila mkoba. Kwa hiyo faida ilikuwa 24, na mikoba 200 ilinipa 4,800, ambayo ndiyo ilikuwa inalipa pango na kula nyumbani. Baada ya kushusha ikabaki 14. Gawa 4,800 kwa 14, nilitakiwa kuuza 343. Mimi nimeuza 260 nasherehekea! Mwezi ule nimepata 3,640, pungufu 1,160, na pengo nikaliziba kwa hela ya mzigo bila kujua.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikaona mauzo yanapanda, nikashusha tena hadi 85. Wateja wakajaa, nikachukua kijana wa kunisaidia kwa 600 kwa mwezi. Faida kwa mkoba sasa ni 9. Ili nirudishe 4,800 yangu pamoja na 600 ya kijana nilihitaji mikoba 600, mara tatu ya nilipoanzia. Niliuza 310. Nilikuwa nachoka hadi miguu inavimba. Mauzo 26,350, hayajawahi kutokea, na kilichobaki baada ya kumlipa kijana ni 2,190.

Unajua nilivyogundua? Mwezi ule nilitoa 4,800 ya pango na nyumbani kama kawaida, nikaenda kununua mzigo mwingine wa mikoba 310. Hela mkononi ikatosha mikoba 272. Nikahesabu mara tatu, nikahisi kijana kaniibia, masikini ya Mungu, nikamuuliza na maswali ya kipolisi. Hakuiba. Mikoba 38 nilikuwa nimeigawa mwenyewe, vipande vidogo vidogo, kwa wateja waliokuwa wananisifu kwa bei nzuri. Wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi daftari nilikuwa nalo, ila lilikuwa linaandika mauzo tu.

Na yule mwalimu? Nilikuja kuelewa baadaye kwamba kwake hesabu ile ni ya kweli kabisa. Anauza masomo aliyorekodi. Nakala ya elfu moja haimwongezei gharama yoyote, kwa hiyo bei yake yote ni faida, na akishusha asilimia 10 kweli anahitaji asilimia 11 tu. Anachokosea, na kwa hili sijamsamehe, ni kumfundisha hivyo mtu anayenunua mzigo. Kadiri faida yako ilivyo nyembamba ndivyo idadi inavyoruka. Mtu anayeuza 100 kitu kinachomgharimu 70 kwa jumla, akishusha 20, anahitaji kuuza mara tatu. Akishusha 30, hata akiuza dunia nzima hapati kitu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, iandike ukutani:

```
idadi mpya = idadi ya zamani × faida ya zamani ÷ faida mpya
```

Faida hapo ni ya kipande kimoja, baada ya kutoa kila kinachoondoka na hicho kipande: bei ya kununulia, mfuko, usafiri, makato ya malipo ya simu kama unayabeba wewe. Pango usilitie humo, lipo uuze usiuze. Ila ukilazimika kuongeza mtu au stoo kwa sababu ya wingi, gharama hiyo igawe kwa faida mpya, jibu ujumlishe kwenye idadi. Tena angalia, kama chaja zako zina kigharama cha 4 hivi umekisahau, faida yako ni 16, ukishusha inakuwa 8, na 250 yako inageuka 300.

Halafu kabla hujagusa bei, wiki mbili weka kijistari kwenye karatasi kila mtu anapouliza bei na kuondoka. Vikija 20 na wewe unahitaji wateja 100 wa ziada kwa mwezi, hata wote wangerudi hawatoshi. Mimi sikuhesabu, nilidhani waliopungua wote walikimbia bei.

Uliuliza na mambo ya tangazo na bidhaa zote, naona. Waje wengine wakujibu. Langu halikuwa na tarehe ya mwisho, na siku niliporudisha 100 alikuja dada mmoja na mkoba wangu begani, akaupigapiga: "Kaka, huu si nilichukua hapahapa kwa 85?" Nikamuuzia wa pili kwa 85.