Mkono unaporuka, pima kwanza urefu wa mfupa

Msomaji mmoja ameniuliza swali ninaloulizwa mara nyingi na watu wanaojiandikia wenyewe mfumo wa kuhuisha mifupa: "Bega nikilizungusha, kiganja kinatupwa upande wa pili wa skrini. Nimegeuza alama za jumlisha na toa kila mahali na bado." Hiyo kugeuza alama kwa kubahatisha ndiyo inayopoteza siku za watu. Ipo njia ya kujua kosa liko wapi kabla hujagusa hata mstari mmoja wa msimbo, na inaanzia kwenye kuelewa mfupa unahifadhi nini.

Mfupa haujui uko wapi duniani. Unajua mambo mawili tu: umbali wake kutoka kwa mzazi wake, na umezungushwa kiasi gani ukilinganisha na mzazi huyo. Anza na mfumo wa pande mbili, X na Y, ambao mzunguko wake ni namba moja. Uache ukubwa (kunyoosha na kufinya) nje ya toleo la kwanza, kwa sababu ukimnyoosha mzazi upande mmoja kisha ukamzungusha mtoto, umbo la mtoto linapindishwa kama mstatili uliosukumwa ukalala, na utadhani kosa liko kwenye mzunguko.

```c
typedef struct {
    int   mzazi;   /* -1 kwa mzizi */
    float x, y;    /* kutoka kwa mzazi */
    float pembe;   /* kwa radiani */
} Mfupa;

for (int i = 0; i < n; i++) {
    int m = mifupa[i].mzazi;
    assert(m < i);
    Mat ndani = tengeneza(mifupa[i]);
    dunia[i] = (m < 0) ? ndani : zidisha(dunia[m], ndani);
}
```

Hapo ndipo moyo wa kazi yote ulipo: `Mat` ni matriksi inayobeba mahali na mzunguko wa mfupa kwa pamoja, na `dunia[i]` ni matriksi ya mfupa huo duniani. Hakuna haja ya kujiita tena na tena kushuka mti wa mifupa. Orodha moja inatosha, mradi kila mzazi atangulie watoto wake. Mstari wa `assert` usiufute. Mtoto akitangulia, atatumia mahali mzazi alipokuwa kwenye fremu iliyopita, na programu haitalalamika. Dalili yake ni kiganja kinachochelewa nyuma ya mkono wakati wa mwendo, kisha kinakaa sawasawa mwendo ukisimama. Wanaosoma modeli za glTF wanakutana na hili mapema: faili hizo zinaorodhesha watoto wa kila nodi, wala hazikuahidi kwamba mzazi atakuja kwanza. Panga mwenyewe mara moja wakati wa kupakia.

Sasa tuchukue mkono wenye mifupa mitatu. Bega ni mzizi, liko (1, 5). Kiwiko kiko (3, 0) kutoka begani. Kiganja kiko (2, 0) kutoka kiwikoni. Pembe zote zikiwa sifuri, mkono umenyooka kulia: kiwiko duniani kiko (4, 5) na kiganja (6, 5).

Zungusha bega nyuzi 90 kinyume cha saa, na kiwiko nyuzi 90 kwa mwendo wa saa. Ile (3, 0) ya kiwiko inageuzwa na mzunguko wa bega kuwa (0, 3), kwa hiyo kiwiko kinapanda hadi (1, 8). Mizunguko miwili imefutana, hivyo kiganja kinaenda tena kulia bila kugeuzwa, hadi (3, 8). Yaandike majibu haya, kisha programu yako iyachape. Yakilingana, FK yako, yaani hesabu ya kushuka kutoka mzizi hadi ncha, ni nzima.

Yasipolingana, usitazame picha kwanza. Pima umbali kutoka bega hadi kiwiko. Mzunguko hauna uwezo wa kurefusha wala kufupisha mfupa. Lazima upate 3 kwenye kila mkao, kila fremu. Tuseme umeandika `zidisha(ndani, dunia[m])`, yaani mtoto kushoto na mzazi kulia. Mzunguko wa kiwiko sasa unageuza mahali pa bega: (1, 5) inakuwa (5, -1), ikijumlishwa na (3, 0) kiwiko kinatua (8, -1). Umbali kutoka begani ni kama 9.2. Hilo ndilo kosa la msomaji wangu, na hakuna alama ya kutoa itakayolitibu. Kama maktaba yako inaandika nukta kama safu mlalo upande wa kushoto wa matriksi, mpangilio sahihi ni huo mwingine. Kwa hiyo usinakili mpangilio wangu kabla ya kujua yako inafuata upi.

Kipimo hichohicho kinakamata kosa la pili, ambalo kwa macho ni gumu zaidi kuliona. Unapochanganya mikao miwili muhimu, changanya pembe za ndani, kisha ndipo upige hesabu ya kushuka kutoka mzizi. Ukichanganya matriksi za dunia, nusu ya safari kati ya bega la nyuzi 0 na la nyuzi 90 inaweka kiwiko (2.5, 6.5), umbali wa 2.12 tu kutoka begani. Mkono unasinyaa katikati ya mwendo na kurefuka tena mwishoni. Ukichanganya pembe, bega linapata nyuzi 45 na urefu unabaki 3.

Urefu ukiwa sahihi na ngozi bado imevurugika, tatizo limehamia kwenye ngozi. Nukta za ngozi zilichorwa mkono ukiwa umenyooka, kwenye vipimo vya modeli nzima. Lazima kwanza uzirudishe kwenye vipimo vya mfupa wake, ndipo mfupa uzibebe. Kwa hiyo, kwenye mkao huo ulionyooka, yaani mkao wa kushonea, hifadhi kinyume cha matriksi ya dunia ya kila mfupa, na kila fremu tumia `dunia[i] * kinyume[i]`.

Chukua nukta (5, 5.5) iliyoshonwa kwenye mfupa wa kiwiko. Kinyume kinaondoa (4, 5), inabaki (1, 0.5). Kwenye mkao wetu uliopinda kiwiko kiko (1, 8) bila mzunguko wa jumla, hivyo nukta inatua (2, 8.5), palepale kwenye kigasha. Ukisahau kinyume inatua (6, 13.5), juu hewani. Jaribio la haraka: rudisha mkao wa kushonea na uchape zao la matriksi hizo mbili. Kila mfupa lazima utoe matriksi ya utambulisho, yaani 1 kwenye ulalo na 0 kwingine. Mfupa mmoja tu ukikataa, umepata mahali pa kuchimba.

Ukihamia pande tatu, ule mzunguko uchukue sura ya kwatenioni, yaani namba nne zinazoeleza mzunguko, badala ya namba moja. Mengine yote yanabaki. Angalia mambo mawili. glTF inaandika kwatenioni kwa mpangilio x, y, z, w, ilhali kijenzi cha `glm::quat` cha maktaba ya GLM kwa kawaida kinapokea w kwanza. Ukivichanganya, mifupa inapinda ovyo ingawa urefu unabaki sahihi. Na q na -q ni mzunguko uleule, kwa hiyo kabla ya kuchanganya kwatenioni mbili pima zao-nukta lake. Likiwa hasi, geuza alama za mojawapo, la sivyo kiwiko kitazunguka njia ndefu kufika mahali ambapo kingefika kwa hatua fupi.